Kilichokatwa kilikuwa na kazi gani? Namna ya kulinganisha riwaya na filamu yake

Mabishano kuhusu kitabu na filamu yake huishia palepale kila mara. Mmoja husema kitabu ndicho kitamu, mwingine husema nani ana muda wa kurasa mia tano, kisha watu hulipa chai na kwenda kutafuta matatu. Mwongozo huu ni wa anayetaka kusema zaidi ya hapo: mwanachama wa kikundi cha usomaji, mwalimu wa fasihi, au mtu aliyeombwa kuandika uhakiki na hajui aanzie wapi.

Nitatumia mfano mmoja tu, The Constant Gardener. Riwaya ni ya John le Carré, ilitoka 2001. Filamu ilitoka 2005, ikaelekezwa na Mbrazili Fernando Meirelles, na aliyeandika skripti ni Jeffrey Caine. Nimeichagua kwa sababu kisa chenyewe kinaanzia hapa Nairobi, na filamu ilipigwa Kibera na kule Loiyangalani, ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Msomaji wa Nairobi anaweza kukagua mengi kwa macho yake mwenyewe. Onyo: nitafichua kila kitu, hata mwisho. Asiyetaka kuharibiwa taharuki akasome kwanza.

Kwa aliyesahau kisa: Tessa Quayle, wakili kijana, ameolewa na Justin, afisa wa Ubalozi wa Uingereza jijini, mtu mpole anayependa bustani yake kuliko siasa. Tessa anauawa karibu na Ziwa Turkana. Kabla ya kifo chake, yeye na daktari Arnold Bluhm walikuwa wakichunguza Dypraxa, dawa ya kifua kikuu inayojaribiwa kwa wagonjwa maskini wa Kenya na ambayo imeshaua baadhi yao. Justin anaanza kufuata nyayo za mkewe, na kadiri anavyozifuata ndivyo anavyomfahamu.

Hatua ya kwanza: hakikisha unalinganisha vitu vilivyo kamili

Wengi huanguka hapa kabla hawajaanza. Kitabu unaweza kukipata kwa wauza vitabu vya mtumba, zile inama za kando ya barabara katikati ya mji, ila kabla hujatoa pesa fungua ukurasa wa ndani wa mbele. Riwaya nyingi maarufu zina matoleo yaliyofupishwa kwa wanaojifunza Kiingereza, na zina rekodi za sauti zilizopunguzwa. Toleo kamili la riwaya hii ni bunda la takriban kurasa mia tano. Ukiwa na kijitabu cha kurasa mia moja, utailaumu filamu kwa kukata vitu ambavyo hata wewe hukuvisoma.

Filamu nayo ikague urefu. Ni ya dakika 129. Nakala ya DVD ya mfumo wa PAL, unaotumika hapa kwetu, huenda kasi kidogo, kwa hiyo ikipungua dakika nne au tano usishtuke, hakuna kilichokatwa. Ikipungua dakika kumi na tano, hiyo imenyofolewa na kituo cha televisheni ili matangazo yapate nafasi. Iache, tafuta nyingine.

Soma kwanza, tazama baadaye, kisha tazama tena. Mara ya kwanza tazama bila kalamu. Anayeandika huku akitazama filamu kwa mara ya kwanza huishia kuandika orodha ya vitu visivyokuwepo, na vile vilivyopo vikimpita.

Hatua ya pili: piga hesabu ya nafasi

Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Basi Caine alikuwa na takriban kurasa 129, nyingi zikiwa nyeupe kwa sababu skripti ni mazungumzo na maelekezo mafupi, kubeba kurasa mia tano zilizoshonana. Kila dakika ya filamu inasimama badala ya kurasa karibu nne za kitabu.

Hesabu hii inakuondolea swali moja lisilo na maana: kwa nini wamekata? Lazima wangekata. Swali linalobaki ni lile la kichwa cha makala haya. Kila kitu kilichomo katika riwaya nzuri kina kazi. Kikiondolewa, ama kazi hiyo imehamishiwa kwa mwingine, ama imeachwa bila mtu.

Hatua ya tatu: daftari la safuwima tatu

Chora safuwima tatu. Ya kwanza ni mhusika au tukio la kitabuni. Ya pili ni kazi yake. Ya tatu ni nani au nini kinafanya kazi hiyo filamuni. Usiweke safuwima ya "lipo au halipo", maana itakujaza ukurasa na isikwambie lolote.

Safuwima ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo yenye uhakiki ndani yake. Kwa kawaida kazi ni ya aina nne: kutupa habari tunazohitaji, kumjenga mhusika, kutia shaka ili tuendelee kusoma, au kubeba sehemu ya hoja ya mwandishi. Kitu kimoja kinaweza kuwa na kazi mbili au tatu kwa mpigo, na hapo ndipo filamu hujikwaa: inahamisha kazi moja na kuisahau ile nyingine. Usijaze daftari kwa kila jambo dogo. Vitu kumi au kumi na viwili vyenye uzito vinatosha kwa kitabu kinene kama hiki.

Hatua ya nne: weka mwanzo kando ya mwanzo

Chukua kurasa kumi za kwanza na dakika kumi za kwanza. Mwanzo ndipo mwandishi na mwelekezi huamua tutazame kwa macho ya nani, na uamuzi huo hauishii hapo.

Riwaya inaanzia ofisini. Ni Jumatatu asubuhi, saa tatu na nusu, habari za kifo zinafika ubalozini, na anayezipokea ni Sandy Woodrow. Justin hayuko katika sentensi hizo za kwanza. Woodrow ni mkubwa wa Justin kazini, ana mke na watoto, na amekuwa akimtamani Tessa kwa siri, hata barua ya mapenzi amewahi kumwandikia. Kwa muda mrefu tunamwona Justin kwa nje tu, kupitia jicho la mtu anayemwonea wivu na kumdharau kidogo. Tunamwona amesimama wima, mwenye adabu, uso haumwambii mtu kitu, na tunabaki tukijiuliza: huyu hana machungu, au hana habari, au ameyafungia ndani?

Filamu inaanza kwa kuagana. Justin anamsindikiza Tessa na Arnold kwenye ndege, wanaondoka kuelekea kaskazini, na mara tunaona gari lililopinduka kando ya ziwa. Kisha Sandy anamletea Justin habari. Tangu hapo tunakwenda na Justin, na maisha yake na Tessa tunayapata kwa mbinu rejeshi, vipande vipande, jinsi kumbukumbu zinavyomjia mtu aliyefiwa.

Sasa jaza safuwima. Kazi ya mwanzo wa kitabu: kutufungia Justin, kutuonyesha ubalozi kama jumba la watu wanaotunza siri zao kabla ya kutunza haki, na kutia shaka kuhusu Tessa na Arnold kupitia mtu ambaye hatupaswi kumwamini. Kazi ya mwanzo wa filamu: kutufanya tumpende Tessa mapema, ili kumkosa kutuume.

Hukumu yangu: mabadiliko haya yana gharama, na yana sababu. Filamu haina njia rahisi ya kukaa ndani ya kichwa cha Woodrow kwa kurasa nyingi. Ingehitaji sauti ya msimulizi juu ya picha, na sauti hiyo ingetuchosha kabla hatujafika Lokichoggio, kule kaskazini. Lakini ukimwondoa Woodrow kama dirisha letu, ubalozi unapungua. Kitabuni ni nyumba nzima iliyooza kwa upole. Filamuni umebaki watu wawili watatu wabaya.

Hatua ya tano: tafuta tukio lililobaki, ulione limegeuzwa upande gani

Watu hukimbilia yaliyokatwa. Mimi hupenda kuanza na yaliyobaki, kwa sababu hapo unaona ufundi bila kelele.

Tessa amejifungua mtoto mfu katika hospitali ya umma jijini. Wodini amelala karibu na Wanza Kilulu, msichana aliyejifungua mtoto mzima ila yeye mwenyewe anakata roho. Ni mmoja wa waliopewa Dypraxa. Tessa anamnyonyesha mtoto wa Wanza. Tukio hili limo kitabuni na limo filamuni.

Kitabuni tunalipata kupitia kumbukumbu za Woodrow aliyekwenda kumtazama. Aibu yake, tamaa yake na mshangao wake vinachanganyika na picha ya mwanamke mweupe akinyonyesha mtoto mweusi wodini, na msomaji anajikuta amesimama ndani ya viatu vya mtu ambaye hafai kuwa pale. Tunamhukumu Woodrow kuliko tunavyomtazama Tessa.

Filamuni, kamera inamwonyesha Tessa na mtoto kifuani, na kwa sekunde chache unaachwa peke yako na dhana zako. Kama umeshaanza kuamini umbea kuhusu yeye na Arnold, unafikiri umepata ushahidi. Halafu unaambiwa mtoto ni wa nani, na mamaye ni yule pale kitandani. Aliyeshikwa na aibu sasa ni wewe mtazamaji, wala si Woodrow.

Tukio ni lilelile na kazi ni ileile, yaani kutia shaka kisha kuifedhehesha shaka hiyo. Kilichobadilika ni nani anafedheheshwa. Kwangu mimi hapa filamu imefanya vizuri kuliko kitabu, na ningesema hivyo hata mbele ya wapenzi wa le Carré. Ukitaka kulihakiki mwenyewe, simamisha filamu mara tu mtoto anapoonekana, umuulize aliye karibu nawe: "Unadhani huyu ni mtoto wa nani?" Jibu lake ndilo kipimo.

Hatua ya sita: fuata kazi za waliofutwa

Wapo wawili ambao kila msomaji wa kitabu huwalilia: Rob na Lesley, makachero vijana wa Scotland Yard wanaotumwa Nairobi kuchunguza mauaji. Kitabuni wanakaa na Woodrow, kisha na Justin, kwa mahojiano marefu ya swali na jibu. Filamuni hawapo kabisa.

Kazi yao ya kwanza ni habari. Kwa maswali yao tunajua ndoa ya Justin ilikuwaje, Tessa aliandika ripoti gani na alimpa nani. Kazi hiyo filamu imeigawa: nusu kwa mbinu rejeshi, nusu kwa Justin mwenyewe anayefungua masanduku na tarakilishi ya mkewe. Sioni hasara. Watu wawili wakihojiana chumbani kwa kurasa thelathini ni raha kwenye karatasi, kwenye skrini ni usingizi. Tena Justin anapata kuwa mpelelezi mapema, naye ndiye tunayemfuata.

Kazi yao ya pili ndiyo iliyodondoka. Rob na Lesley ni Waingereza waaminifu wanaofanya kazi yao sawasawa, na kwa sababu hiyohiyo wanaondolewa kwenye kesi. Msomaji anashuhudia uchunguzi halali ukinyongwa na waliouagiza. Filamu inatuonyesha vitisho, wizi wa nyaraka, kipigo, pasipoti kunyang'anywa. Ni uovu unaoonekana. Ule mwingine, wa mtu kubadilishiwa kazi kimyakimya kwa sababu alikaribia ukweli, haupati mahali pengine pa kukaa. Mtu yeyote aliyefuatilia kesi kubwa hapa kwetu anaujua uovu wa namna hiyo kwa jina na sura, kwa hiyo pengo hili msomaji wa Nairobi huliona haraka.

Wa tatu ni Lara Emrich, na huyu namwona ndiye hasara kubwa kuliko wote. Kitabuni Justin anasafiri hadi Kanada, Saskatchewan, kukutana naye. Ni mmoja wa wanasayansi waliohusika kuigundua dawa, na alipojaribu kusema kwamba ina madhara, kazi na jina lake vikaharibiwa. Kazi yake kama chombo cha habari ni ndogo, maana anayoyajua yanaweza kusemwa na mwingine. Filamu imefanya hivyo: kipande kimepewa Birgit, mwanamke wa Ujerumani anayefuatilia kampuni za dawa, na kipande kimepewa Lorbeer, yule daktari mwenye dhamira iliyomtafuna ambaye Justin anamkuta kwenye kambi ya chakula Sudan.

Ila Lara alibeba hoja. Kwa sababu yake, kitabu kinauliza dawa mbaya hupataje karatasi nzuri: nani huandika makala za kitaalamu, nani hulipia utafiti wa chuo kikuu, mkataba wa mtafiti unamruhusu kusema nini. Kitabu kina pembe tatu, kampuni, serikali na sayansi. Filamu ina pembe mbili. Mtazamaji anatoka akijua kwamba kampuni ni katili na serikali inakula nayo sahani moja, lakini hajui uongo ulipitaje mikononi mwa madaktari wenye heshima zao hadi ukaitwa utafiti. Ukiandika kwamba filamu "imerahisisha", taja hili. Bila kutaja, neno hilo ni hewa.

Hatua ya saba: mabadiliko madogo, usiyakalie

Kampuni ya dawa ni KVH kitabuni na KDH filamuni. Birgit anaishi Bielefeld kitabuni, filamuni ni Berlin. Nyumba ya familia ya Tessa kisiwani Elba imeachwa. Haya ni mambo ya bajeti, ya wanasheria na ya ratiba. Kipimo ni kimoja: ukirudisha kitu cha kitabuni, je, kuna lolote litakalobadilika katika maana? Likiwa halibadiliki, pita.

Moja tu kati ya haya lina mfupa ndani. Justin na Tessa wanakutana kwenye mhadhara ambao Justin anautoa kwa niaba ya mkubwa wake. Kitabuni ni Cambridge, na Tessa anamhoji kuhusu dola: ni wakati gani dola inakoma kuwa dola? Filamuni ni London, naye anamshambulia kuhusu vita vya Iraki. Kitabu cha 2001 hakingeweza kutaja vita vilivyoanza 2003, na filamu ya 2005 ilijua watazamaji wake wanawaza nini. Kwa kumjenga Tessa, Iraki inatosha: mwanamke jasiri, mwenye hasira, asiyejali ukumbi unamtazamaje. Lakini swali la kitabuni linapanda mbegu ya kisa kizima, kwa kuwa tunakwenda kuona dola mbili, yao na yetu, zikifanya kazi ya kampuni. Swali la Iraki linawaka, kisha linazimika, na kisa kinaendelea bila kulihitaji tena.

Hatua ya nane: kile kamera imeleta

Uhakiki unaoorodhesha yaliyokatwa peke yake umefanya nusu ya kazi. Rudia kutazama ukiuliza: ni nini hapa kisingeweza kuandikwa?

Kuna rangi. Mpiga picha César Charlone ameipa London kijivu na buluu ya baridi, Kenya akaipa wekundu na machungwa yanayowaka. Unajua uko wapi kabla mtu hajasema neno, na hilo limeokoa dakika nyingi za maelezo. Lina ubaya wake pia: wakazi wa Nairobi tunajua Julai yetu ilivyo, mawingu na sweta, wala jiji hili haliwaki jua mwaka mzima. Rangi hiyo ni Kenya ya anayeikumbuka akiwa mbali.

Kuna Kibera yenyewe. Kamera iko mkononi, inapita katikati ya watu, na watoto wanamfuata Tessa na ile "hawayu" yao ambayo kila mgeni mweupe huimbiwa. Kuna nyimbo za Ayub Ogada, ikiwemo Kothbiro, ambazo zinabeba msiba bila kuhitaji mtu alie. Le Carré anatupa Nairobi ya watu wa ubalozi, yenye nyumba zenye bustani na walinzi, na anaijua vizuri. Meirelles anatushusha kwenye reli na mabati. Nyuso za Wakenya ni nyingi zaidi filamuni kuliko kitabuni, ingawa wenye maneno ya uzito bado ni wageni. Andika yote mawili. Kuiona Kibera kwa wingi na kuisikia kwa uchache ni jambo ambalo mhakiki wa hapa anapaswa kulisema, kwa sababu wa kwingine hulipita.

Na kuna jozi ambayo filamu imeipanga kwa ustadi. Mapema, wakitoka hospitalini, Tessa anataka wampe lifti Kioko, mdogo wa Wanza, anayetembea na kile kitoto kurudi kwao mbali. Justin anakataa: wenye shida ni wengi, mtasaidia wangapi? Tessa anamjibu kwamba hawa ndio wako hapa, hawa wanaweza kusaidiwa. Karibu na mwisho, Sudan, kambi inavamiwa, na Justin yuko ndani ya ndege akimsihi rubani ambebe mtoto mmoja wa kike. Rubani anampa jibu lile lile ambalo Justin alimpa Tessa, na Justin anajikuta akisema maneno ya marehemu. Hakuna anayetueleza kwamba amebadilika. Kitabu kinatumia kurasa nyingi kumhamisha Justin kutoka bustanini hadi kwenye hasira ya mkewe. Filamu imetumia magari mawili, moja la barabarani na moja la angani. Ukikutana na tukio la namna hii, rudi kitabuni ulitafute kabla hujaandika "nyongeza", na hata ukilikuta limeguswa, angalia kama limewekwa jozi. Mpangilio nao ni uandishi.

Hatua ya tisa: mwisho kwa mwisho

Katika vyote viwili Justin anarudi Turkana, mahali alipouawa Tessa, na wauaji wanamjia. Tofauti iko kwa walio hai.

Sir Bernard Pellegrin ndiye mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje aliyeilinda kampuni. Kitabuni anastaafu mapema na kwenda kuchukua cheo kikubwa katika kampuni hiyohiyo ya dawa. Mwandishi anatupa habari hiyo kwa lugha kavu ya taarifa rasmi, na kinaya chake kinauma kuliko tusi. Filamuni, kwenye ibada ya kumbukumbu London, Ham, binamu wa Tessa ambaye ni wakili, anasoma hadharani barua ya Pellegrin inayomfichua, waandishi wa habari wakiwepo. Pellegrin anatoka mbio akiandamwa na maswali, huku picha zikirukia ziwani ambako Justin anasubiri.

Usiseme mwisho wa filamu ni wa Hollywood ukaishia hapo. Uliza kazi. Mwisho wa kitabu unakamilisha hoja: mfumo haujeruhiwi na ukweli, unaumeza na kuendelea kula. Mwisho wa filamu unafanya kazi ya hisia. Tumekaa saa mbili na mtu aliyepoteza kila kitu, na kifo chake kinapewa bei. Tena umefungwa vizuri kwa kifundi: barua ile imeandaliwa tangu mapema, Tessa aliipata kupitia kwa Sandy, kwa hiyo haidondoki kutoka mbinguni.

Lakini unakinzana na hoja ya filamu yenyewe. Kwa saa mbili tumeambiwa kwamba wenye nguvu huzika ripoti, huzima magazeti na huwahamisha wakaidi. Kisha barua moja inasomwa kanisani na mkubwa anaanguka. Kama ilikuwa rahisi hivyo, kwa nini Tessa alikufa? Hapa ndipo natoa alama kwa kitabu bila kusita.

Hatua ya kumi: andika hukumu, kisha uijaribu

Hukumu yenye nguvu ina sehemu mbili katika sentensi moja au mbili: kazi ipi imehamishwa vizuri, na ipi imeachwa. Yangu kwa filamu hii ingekuwa hivi: imehamisha vizuri mapenzi na majuto, tena mahali pengine vizuri kuliko kitabu, ila imeacha njiani hoja kuhusu taasisi, kuanzia chuo kikuu hadi ofisi ya polisi, na mwisho wake unalipa kwa hisia deni ambalo hoja yake ilisema halilipiki. Mwingine anaweza kupinga kila kipande cha sentensi hiyo, na atajua hasa anapinga nini.

Kabla ya kuituma, mtafute mtu aliyetazama filamu na hajasoma kitabu. Usimweleze lolote. Mwombe akusimulie kisa, kisha muulize maswali matatu: dawa ile ilipataje kibali na sifa? Kwa nini polisi wa Uingereza hawakuwakamata wahusika? Na baada ya ile ibada, unadhani dawa iliondolewa sokoni? Swali la kwanza wengi hujibu kwa hongo tu, na hapo umeuona mwanya alioacha Lara. La pili huwafanya wanyamaze kidogo, maana hawakuwahi kuliwaza. La tatu wengi huitikia ndiyo mara moja. Ukipata majibu mengine, rudi kwenye daftari, tafuta safuwima ya tatu uliyoijaza vibaya, na urekebishe kabla hujamsomea mtu hukumu yako.